Kitambi baada ya miaka 40: Usiusingizie umri

UKIKAA kijiweni Lizaboni au Bombambili hapa Songea, ukauliza watu wa makamo kwa nini suruali na magauni yanawabana, wengi watakujibu, "Ni umri, mwili umeshapoa." Wanaamini kwamba ukivuka 40 mwili huacha kuchoma chakula kama zamani.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science ulipima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli ya mtu, kasi ya kuchoma nishati haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Hushuka baada ya hapo, tena polepole.

Basi kitambi kinatoka wapi? Tuchukue mfano wa mama wa miaka 45 mwenye kilo 75. Akiwa na miaka 25 alikwenda shambani kwa miguu, akachota maji na kutwanga. Leo ana duka, anakaa kutwa nzima, na jioni anapanda bodaboda. Sahani yake ya ugali haijapungua, na chai ina sukari ileile. Kwa kuwa misuli haina kazi, imeanza kupungua, na mafuta yamechukua nafasi yake.

Kufunga kula hovyo

Mama huyu akiamua kuacha chakula cha usiku na kunywa maji ya limau tu, mizani itashuka haraka. Lakini sehemu ya kilo zinazoondoka ni maji na misuli. Akirudia kula kawaida, mafuta hurudi upesi kuliko misuli, akabaki na kilo zilezile huku mwili ukiwa dhaifu zaidi.

Apunguze mahali asipopahisi sana. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja vina kalori kama 145. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vina kalori kama 240. Akiviacha hivyo, atapunguza kalori 385 kwa siku. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori karibu 7,700, hivyo atahitaji kama wiki tatu kuondoa kilo moja. Ni polepole, lakini kinachoondoka zaidi ni mafuta.

Kulinda misuli

Misuli hudumu kwa vitu viwili: protini na kazi nzito. Kwa kilo zake 75, mama huyu alenge gramu 75 hadi 90 za protini kwa siku, azigawe katika milo yote. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi humpa kama 20. Kikombe cha maharage yaliyoiva mchana ni 15. Konzi nzuri ya dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa jioni ni kama 18, na karanga kidogo ni 7. Ugali na mboga huongeza zinazobaki. Mwenye tatizo la figo aulize daktari kwanza.

Kazi nzito haihitaji ukumbi wa mazoezi. Mara mbili kwa wiki, ainuke kitini bila kushika kitu mara 10, apumzike, arudie mizunguko mitatu. Asukume ukuta kwa mikono mara 10 vilevile. Kisha abebe ndoo mbili za maji, moja kila mkono, atembee uani. Ikiwa rahisi, aongeze maji. Asibane pumzi, hasa kama ana shinikizo la damu.

Kupumzika ni sehemu ya kazi

Misuli hujengeka mtu anapopumzika. Baada ya 40 maumivu hukawia kuisha, kwa hiyo aache siku mbili kati ya mazoezi. Msimu wa kulima, siku ya jembe ihesabiwe kama zoezi. Asiongeze jingine jioni. Alale saa saba, maana usingizi mfupi huongeza njaa, hasa ya vitu vitamu.

Utajuaje unapotea njia?

Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila wiki mbili, usawa wa kitovu. Kiuno kikipungua huku ndoo zikibebeka vilevile, unapoteza mafuta. Mizani ikishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki na kuinuka kitini kukawa kugumu, unapoteza misuli, ongeza chakula. Anayetumia dawa za kisukari asipunguze mlo kabla ya kuongea na daktari, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na aliyekonda bila kujaribu asishangilie, aende hospitali akapimwe.