Kionjo cha Kitabu cha Kwanza

Mwandishi mpya bado hana jina la kumvuta mnunuzi, kwa hiyo tangazo la kitabu chake hubebwa na kionjo, yaani kifungu kifupi kutoka ndani ya kitabu chenyewe. Wengi hunakili aya ya kwanza tu. Afadhali kifungu kinachoacha swali. Riwaya ya kubuni kuhusu wavuvi wa Pangani, kwa mfano, ingejitangaza hivi:

“Ngalawa ya Bakari ilirudi alfajiri bila Bakari. Tanga lilikuwa limekunjwa, nanga imefungwa kwa kamba mpya. Mkewe aliigusa ile kamba, akaitambua, akanyamaza.”

Kamba ndiyo inayomshika msomaji. Sentensi moja zaidi, ya kumtaja mwenye kamba, ingeua hamu yote.

Kisha linakuja swali la wapi kitabu kinapatikana, na hapa matangazo mengi huharibika. “Kinapatikana madukani” haimsaidii mtu. Litajwe duka, mtaa na bei: kama ni TPH Bookshop ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, mwandishi ahakikishe kwanza kwamba nakala zimeshafika pale. Msomaji wa Kigoma anahitaji namba ya kulipia kwa simu, jina litakalotokea anapolipa, na gharama ya kutuma kwa basi ikiandikwa kando ya bei ya kitabu. Jina likiwa tofauti na la mwandishi, lielezwe mapema, maana mnunuzi akihofia utapeli hatatuma pesa.

Kabla ya kutangaza, mpe rafiki tangazo hilo ajaribu kununua nakala moja.