Karata Mbili za Kutupa

Kribeji ni mchezo wa karata wa Waingereza, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ulibuniwa na mshairi Sir John Suckling katika karne ya 17. Wanapocheza watu wawili, kila mmoja hugawiwa karata sita, akabaki na nne na kutupa mbili kifudifudi. Hizo nne zilizotupwa huitwa kribu, na pointi zake ni za mgawaji. Kisha hukatwa karata moja ya wazi, ambayo kila upande huihesabu kama yake. Mshindi ni atakayetangulia kufika 121.

Ree ni 1, na ghulamu, bibi na mfalme ni 10 kila mmoja. Kila mkusanyiko wa karata unaotimiza 15 hukupa pointi 2. Jozi nayo ni 2. Karata tatu au zaidi zinazofuatana hukupa pointi moja kwa kila karata. Karata ileile huruhusiwa kutumika tena na tena.

Tuseme umepata 3, 3, 6, 7, 8 na mfalme. Anza na kumi na tano: 7 na 8, pointi 2. Halafu mfuatano wa 6, 7, 8, pointi 3. Hizo tano zimo katika karata tatu tu, kwa hiyo usiziguse. Swali ni uongeze ipi ya nne.

Kama kribu ni yako, tupa 3 zote mbili ubaki na mfalme. Jozi inakwenda kukungojea kwenye kribu, na tayari una 5 mkononi na 2 huko. Kama kribu ni ya mwenzako, jozi hiyo ni zawadi kwake. Mtupie mfalme na 3 moja: hazifanyi jozi, hazifuatani, na jumla yake ni 13. Mkononi bado una 5 zako. Kwa sababu hiyohiyo karata ya 5 haitupwi ovyo kwa mpinzani, maana seti ina karata 16 zenye thamani ya 10.

Sasa ikikatwa 7, wengi hukosea hapa. Kumi na tano ni mbili, pointi 4. Jozi ya 7 ni 2. Mfuatano nao huhesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila 7, yaani 6. Jumla 12. Ukisahau mfuatano wa pili, na mmekubaliana hivyo, mpinzani huzidai pointi hizo zikawa zake.

Hata hivyo, mchezo ukikaribia kwisha hesabu hubadilika. Asiyegawa huhesabu kwanza, kisha mgawaji, na kribu huja mwisho kabisa. Mpinzani akiwa karibu na 121, kribu nono haitakufaa, kwani huenda akamaliza kabla hujaifunua.