Umetozwa kifurushi usichokiomba? Andika hivi

Mteja mmoja wa Tabata, tuseme, alijiunga na intaneti ya nyumbani ya Mbps 20 kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, bila VAT. Ankara ya Julai ikaja na Mbps 50 kwa 110,000. Akalipa bila kuisoma. Ya Agosti ikaja vilevile, na hapo ndipo akashtuka.

Wengi hupiga simu huduma kwa wateja, wakaambiwa "tunalifanyia kazi", na mwezi ukaisha. Barua ni bora kwa sababu inabaki. Kabla ya kuiandika, piga hesabu vizuri. Wengi hudai 40,000, tofauti ya bei za vifurushi, wakasahau kwamba VAT ya asilimia 18 nayo imepanda. Ankara sahihi ni 82,600. Aliyoletewa ni 129,800. Kwa hiyo amezidishiwa 47,200 kila mwezi.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Hasira iache nyumbani. Anayeisoma ni karani wa malipo, na anachotafuta ni namba ya akaunti, namba za ankara na kiasi. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"YAH: KUPINGA ANKARA ZA JULAI NA AGOSTI

Fomu niliyosaini, ambayo nakala yake naambatanisha, inaonyesha kifurushi cha Mbps 20. Sijaomba kubadilishiwa. Kama mna ombi langu, naomba nionyeshwe fomu, ujumbe au rekodi ya simu, pamoja na tarehe yake. Kama halipo, naomba mnirudishie 47,200 niliyozidisha Julai, mrekebishe ankara ya Agosti iwe 82,600, na kifurushi kirudishwe kama tulivyokubaliana. Nimelipa 82,600 ya Agosti, kiasi nisichokipinga. Malipo haya hayamaanishi kwamba nimekubali kifurushi cha Mbps 50. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14."

Sentensi ya kuomba ushahidi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kampuni ikijibu kwamba kasi ilipanda kweli na umeitumia, bado inabaki na swali lilelile: nani aliomba? Ila usiiandike kabla ya kupekua ujumbe wako wa simu. Kuna ofa za kuongezewa kasi bure kwa miezi michache, kisha bei kamili inaanza yenyewe, na huenda mtu wa nyumbani alibonyeza "Ndiyo". Ikiwa hivyo, dai lako linageuka: unauliza kama masharti hayo yalielezwa waziwazi.

Kulipa sehemu usiyoipinga kunaiondolea kampuni kisingizio cha kukukatia huduma kwa kutolipa kabisa.

Peleka nakala mbili ofisini, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, omba namba ya lalamiko. Kampuni isipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, TCRA hupokea malalamiko ya wateja, lakini itataka kuona kwamba ulianza na kampuni yenyewe.