Poka na Turufu: Mkali Nani, Mwenye Bahati Nani?

Wazee wa karata, leo naomba tubishane kidogo. Mshikaji wangu mmoja wa Ilala ni mkali wa wahedi wa sitini. Turufu ngapi zimetoka, ngapi zimebaki, anazo zote kichwani. Sasa eti anataka kubeba pesa ya kodi ya nyumba akacheze poka, maana "karata ni karata, bwana". Mimi nimemwambia sio!

Tazameni brijii, kaka yake mkubwa wa michezo yetu ya turufu. Karata 52, wachezaji wanne, kila mtu 13, na kila moja itaonekana mezani kabla ya mkono kwisha. Mwenye kumbukumbu anakula hapo. Na bahati ya mgawo je? Dawa ipo: karata zilezile zinawekwa kwenye kibao chenye mifuko minne na kupelekwa meza ya pili. Wenzako hukaa pale walipokaa wapinzani wako kwenye meza ya kwanza. Mkibebwa na karata nzuri huku, wapinzani wanabebwa nazo kule. Kinachobaki ni akili. Jaribio kama hilo lilifanywa London mwaka 1857 kwa mchezo wa wisti: wakali wanne dhidi ya wabovu wanne. Wakali walishinda kwa mbali.

Kwenye poka ya Teksas una karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Unaona saba. Nyingine wenye nazo wakikunja, huzioni mpaka unalala. Utahesabu nini hapo? Ufundi upo, tena mkubwa, lakini ni wa kusoma watu na kujua lini ukunje.

Kisa kimoja kinaniuma mpaka leo. Mwaka 2003 kule Las Vegas, kwenye mashindano ya dunia, walibaki watu kumi. Phil Ivey, fundi kwelikweli, alikuwa na tisa mbili. Chris Moneymaker, mhasibu asiye na jina, alikuwa na ree na malkia. Mezani: malkia wawili, sita, kisha tisa. Ivey keshampita! Akasukuma pesa zote, mwenzake akaitikia. Karata ambazo hawajaziona ni 44, na zinazomwokoa mhasibu ni saba tu: ree tatu, sita tatu na malkia mmoja. Yaani Ivey anashinda mara 37 katika 44.

Ikatoka ree.

Ivey nje, mhasibu akaondoka na ubingwa na dola milioni 2.5. Ivey angefanya nini zaidi? Hakuna kibao cha kurudisha karata zile kwa meza ya pili.

Mshikaji ananijibu kwamba mkali hulipwa mwishoni. Kweli, lakini mezani usiku mmoja wa saa sita ni kama mikono 150 au 180, na mingi yake unakunja tu. Inayobeba pesa nzito ni michache sana. Mwenye nyumba wake anataka kodi tarehe mosi.