Jedwali la PDF Lisivurugike Ndani ya Excel

Ukinakili jedwali kutoka makala ya PDF na kulibandika kwenye Excel, mara nyingi namba zote hurundikana katika safu moja. Sababu ni kwamba PDF nyingi hazihifadhi visanduku. Huhifadhi herufi na mahali pa kila herufi kwenye ukurasa.

Programu ya bure ya Tabula hukisia safu kwa njia mbili. Lattice hufuata mistari iliyochorwa, Stream hufuata nafasi zilizo wazi kati ya maneno. Majedwali ya majarida ya kisayansi kwa kawaida hayana mistari ya wima, kwa hiyo anza na Stream.

Tuseme kichwa "Wanawake" kimetanda juu ya safu mbili, "Idadi" na "Asilimia". Hicho ndicho kivurugaji kikubwa. Chagua eneo la data pekee, vichwa viache nje, kisha viandike mwenyewe: "Wanawake idadi", "Wanawake asilimia".

Halafu jumlisha safu ya idadi, ulinganishe na mstari wa Jumla. Zisipolingana, tafuta mstari uliokuwa na kisanduku kitupu. Huenda namba zake zimesogea kushoto. Ukurasa ukiwa ni picha iliyoskaniwa, Tabula haitasoma chochote.