Njia Mbili za Kupanga Orodha: Ipi Itatangulia Orodha Ikizidi Kurefuka?

Kompyuta inaweza kupanga majina kwa alfabeti kwa njia nyingi. Mbili kati ya hizo hufundishwa karibu kila darasa la programu. Ya kwanza ni kupanga kwa kuchomeka: kompyuta hushika jina moja moja na kulirudisha nyuma, likipita majina yanayopaswa kulifuata, mpaka lifike mahali pake. Ya pili ni kupanga kwa kuunganisha, iliyobuniwa na John von Neumann mwaka 1945. Hapa orodha hukatwa katikati, kila nusu hupangwa kwa njia hiyohiyo, kisha nusu mbili huunganishwa kwa kulinganisha majina yaliyo mbele.

Ipi ina kasi? Kupima kwa saa peke yake hakutoshi, maana jibu litategemea kompyuta iliyotumika na urefu wa orodha iliyojaribiwa. Ndiyo maana wataalamu huhesabu hatua, kisha huuliza hatua hizo zinaongezekaje orodha inapokua.

Tuite idadi ya majina n. Kama majina yamechanganyika ovyo, kila jina jipya hupita kwa wastani nusu ya majina yaliyokwisha kupangwa, na jumla ya hatua hukaribia n²/4. Kwa kuunganisha, orodha hukatwa nusu kwa nusu mara log₂ n. Majina 1,024, kwa mfano, hukatwa mara 10. Kila mkato una awamu yake ya kuunganisha, na kila awamu hugusa majina yote. Tuseme kila jina hugharimu hatua 8 katika kila awamu, kwa kuwa hulinganishwa, hunakiliwa pembeni na kurudishwa. Jumla ni 8n log₂ n.

Sasa tugawanye gharama ya kuunganisha kwa gharama ya kuchomeka:

```
8n log₂ n ÷ (n²/4) = 32 log₂ n / n
```

Kwa majina 16, uwiano huu ni 8: kuunganisha kunagharimu mara 8 zaidi. Kwa majina 256 ni 1, yaani zimelingana. Kwa majina 1,024 umeshuka hadi 0.31, na kwa majina 1,048,576 ni kama 0.0006. Kompyuta inayofanya hatua milioni 100 kwa sekunde ingemaliza orodha hiyo ya mwisho kwa chini ya sekunde 2 ikiunganisha, lakini ikichomeka ingehitaji takriban dakika 46.

Je, uwiano huu unaweza kugeuka na kupanda tena huko mbele? Hauwezi. Kila n inapoongezeka maradufu, log₂ n huongezeka kwa 1 tu. Kiasi cha juu hupanda kidogo huku cha chini kikizidishwa kwa 2, basi uwiano hushuka hadi karibu nusu, tena na tena, na kikomo chake ni 0. Hata kama kila jina lingegharimu hatua 800 badala ya 8, kikomo kingebaki 0. Njia hizi mbili zingelingana tu kwenye orodha ndefu zaidi.

Kikomo kikiwa 0, gharama ya juu inakua polepole kuliko ya chini. Uwiano ukipanda bila mwisho, ya juu ndiyo inayokua haraka zaidi. Kikitulia kwenye namba chanya, kama 3, zote mbili zinakua kwa mwendo mmoja, ingawa moja hubaki na gharama mara tatu ya nyingine. Mara nyingine kikomo hakipo kabisa: programu iliyo nyepesi n ikiwa shufwa na nzito ikiwa witiri hufanya uwiano uyumbe bila kutulia. Hapo inabidi kutafuta mipaka ambayo uwiano hauivuki.

Ni lazima pia kusema orodha ni ya namna gani. Orodha ikiwa tayari imepangwa, kuchomeka hulinganisha kila jina na la nyuma yake tu, hatua n − 1, ilhali kuunganisha kwa namna tuliyoieleza bado hupitia awamu zake zote. Uwiano sasa unakaribia 8 log₂ n, nao hupanda bila mwisho. Njia ni zilezile, lakini mshindi amebadilika.

Kikomo, basi, hueleza yatakayotokea kwenye orodha ndefu, na hakisemi urefu huo unaanzia wapi. Tim Peters alizingatia yote mawili alipoiandikia lugha ya Python njia ya kupanga iitwayo Timsort mwaka 2002. Programu yake hutafuta kwanza sehemu zilizo tayari katika mpangilio. Zikiwa fupi mno, huzirefusha kwa kuchomeka hadi majina kama 32 au 64, kisha huunganisha vipande hivyo. Palipo na majina machache hutumika njia inayoshinda kwa machache, na kazi ya orodha nzima huachiwa ile ambayo kikomo kimeipa ushindi.