Hedhi ikikata kwa mchezaji, anza na sahani yake

Kwenye soka la wanawake kuna kauli inazunguka kutoka kambi hadi kambi: binti akikosa hedhi miezi miwili mitatu, mazoezi yamemkolea. Wenzake wanamwonea wivu, maana hana haja ya kuhangaika na pedi siku ya mechi. Kocha, mara nyingi mwanaume, haulizi kabisa. Kumbe mwili wa huyo binti umeanza kubana matumizi kama nyumba iliyoishiwa hela.

Kitaalamu huu ni upungufu wa nishati. Chakula anachokula, ukitoa kinachoungua mazoezini, hakibakizi cha kutosha kuendesha mwili wenyewe: moyo, ubongo, joto, mifupa, uzazi. Mwili hauwezi kuuzima moyo, kwa hiyo unapunguza yale yanayoweza kusubiri. Sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza homoni inapunguza ishara zake kwenda kwenye ovari, yai halipevuki, homoni ya estrojeni inashuka, hedhi inakatika. Estrojeni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi na kusema linagusa mwili mzima, siyo hedhi na mifupa tu, na wanaume nao wanalipata.

Msidhani ni mambo ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwapima wasichana 61 wanariadha wa Kenya pamoja na wenzao 49 wasio wanariadha. Chakula chao kilipimwa kwenye mizani kwa siku tano na mazoezi yakaandikwa. Karibu wanariadha 18 katika kila 100 walikuwa na upungufu mkubwa wa nishati, wakati kwa wasiokimbia walikuwa kama wawili tu. Matatizo ya hedhi yalimgusa takriban mwanariadha mmoja kati ya watatu. Hawa ni watoto wa ugali kama sisi.

Sasa tuje nyumbani. Tuchukue winga wa kufikirika hapa Gairo, miaka 18, kilo 52. Katika hizo, mafuta ya mwili ni kama kilo 12, zinabaki kilo 40 za misuli, mifupa na viungo. Hesabu inafanywa kwa hizo 40. Wataalamu wanataka kila kilo ibakiwe na kalori 45 hivi kwa siku baada ya kutoa za mazoezi. Ikishuka chini ya 30, homoni za uzazi zinaanza kuyumba kwa wengi. Siyo mstari uliochorwa kwa rula, kuna wanaoyumba mapema na kuna wanaovumilia.

Winga wetu asubuhi anakunywa chai ya rangi yenye sukari na andazi moja, kalori kama 240. Mchana ugali wa unga gramu 150 na maharage kidogo, 700. Jioni anafanya mazoezi saa moja na nusu kwenye ule upepo wa baridi wa Gairo, yanaunguza kama 500. Akirudi anaoga, anasaidia kazi, usiku anakula ugali na mchicha wenye mafuta ya kuhesabu, 600. Jumla 1,540. Toa 500 za mazoezi, inabaki 1,040. Gawanya kwa 40 unapata 26.

Angalia vizuri: huyu dada hajagoma kula. Hajinyimi, hana mawazo ya kupunguza mwili, na kila mlo anasema ameshiba. Ugali na mboga za majani vinajaza tumbo haraka kuliko vinavyojaza nishati, na mazoezi makali yenyewe yanaua hamu ya kula. Mizani nayo inadanganya. Mwili ukibana matumizi kwa muda mrefu, kilo zinaweza kubaki palepale 52, na kocha akaona kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo dalili zitafutwe kwingine. Hedhi iliyokata miezi mitatu mfululizo ni kengele, na binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe akaonwe. Kabla ya hapo inaweza kuanza kuja kwa kuchelewa, zaidi ya siku 35, au kuwa nyepesi kuliko kawaida yake. Kuna pia uchovu usioisha hata baada ya mapumziko, mafua ya kila mara, hasira, usingizi mbovu, kasi inayoshuka huku mazoezi yakiongezeka. Ninayoiogopa zaidi ni maumivu ya muundi yanayouma sehemu moja ndogo ukibonyeza na kuzidi akikimbia. Hiyo inaweza kuwa ufa kwenye mfupa, na kumchua kwa dawa ya kupaka ili acheze Jumamosi ni kumvunja. Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain alisimulia hadharani 2019 kwamba alikosa hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano.

Hospitali lazima aende, maana hedhi hukatika kwa sababu nyingi. Cha kwanza ni kipimo cha mimba, hata kama anakataa. Halafu daktari aangalie tezi ya shingo, homoni nyingine na damu. Anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango aseme, kwa sababu vyenyewe vinaweza kukata hedhi. Vidonge vinachanganya zaidi: vinaleta damu kila mwezi, watu wanadhani hedhi imerudi, kumbe upungufu uko palepale chini yake. Ndiyo maana kumpa vidonge ili "aone siku zake" siyo tiba ya tatizo hili.

Tiba ni chakula, na ikibidi kupunguza mazoezi. Turudi kwa winga wetu. Asubuhi, badala ya kuongeza andazi, apikiwe uji wa gramu 50 za unga, atiwe karanga za kusaga kiganja kimoja na sukari: kalori kama 390. Ndizi mbivu mbili, moja kabla ya mazoezi na nyingine akimaliza tu, ni 200. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kwenye mchicha ni 120, na glasi ya maziwa usiku 150. Ameongeza 860, amefika 2,400. Ukitoa 500 na kugawa kwa 40 unapata 47.5. Ugali wake haujaongezwa hata tonge.

Namba hizi ni za makadirio, wala sishauri binti yeyote ashinde anahesabu kalori. Hiyo nayo inazaa ugonjwa wake. Cha kushika ni mpangilio. Asikae saa nyingi bila kitu tumboni, hasa kati ya mazoezi na chakula cha usiku. Kwa aliyefunga, mazoezi yapunguzwe kweli, siyo kuhamishiwa jioni tu. Na kama anaukwepa msosi kwa kuogopa kunenepa, uji hautatosha, anahitaji mtu wa afya ya akili.

Nguvu zinaweza kurudi ndani ya wiki chache. Hedhi huchukua miezi, wakati mwingine inapita mwaka. Mifupa ndiyo ya mwisho, na iliyopotea kwenye umri wa ukuaji huenda isirudi yote. Kocha wa kiume anayeona aibu kuuliza ampe kazi hiyo matroni au nahodha: daftari dogo, kila mchezaji tarehe yake, lisisomwe mbele za watu wala kutumika kupanga kikosi. Likitumika hivyo mara moja tu, mwezi unaofuata kila binti ataandika tarehe ya uongo.